Utani wa Kimapenzi wa Rafiki: Namna ya Kujua Kama ni Mzaha Tu, Bila Kuuharibu Urafiki

Wasomaji wanaoniuliza juu ya jambo hili huwa wamekwisha kulijaribu wakashindwa, na wengi wao hushindwa kwa njia moja. Rafiki amewatania kwa maneno ya kimapenzi, nao wakamjibu kwa utani mwingine wakitumaini kwamba ukweli utajitokeza humo humo ndani ya kicheko. Huyu anasema, "Mke wangu, leo umenipikia nini?" Yule anajibu, "Lete mahari kwanza, chakula kitafuata." Wanacheka, wanaagana, na kila mmoja anakwenda nyumbani akiwa hajui zaidi ya alivyojua asubuhi. Utani unaojibiwa kwa utani hauzai jibu, kwa sababu kila upande unabaki na haki ya kusema kwamba ulikuwa unacheza.

Wengine wakichoka huruka upande wa pili kabisa: hutuma ujumbe mrefu wa sauti saa sita za usiku, au humtuma rafiki wa tatu akadodose, na kufikia asubuhi jambo limekuwa zito kuliko lilivyostahili. Hatua zilizo hapa chini zinapita katikati ya makosa hayo mawili. Nitazieleza nikifuata kisa cha mshonaji mmoja wa Morogoro, aliyekubali habari zake zitumike bila jina, na rafiki yake mwalimu, ambaye kwa muda wa mwaka mzima amekuwa akimwita "mama watoto" katika kikundi chao cha vikoba.

## Mahitaji

- Daftari dogo la karatasi. Simu haifai, kwa kuwa rafiki wa karibu huishika simu yako bila kuomba.
- Muda wa wiki 3, usiokatwa na sherehe kubwa kama harusi au sikukuu, kwani siku hizo kila mtu hutania kupita kawaida yake.
- Jibu lako mwenyewe, limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza kabla ya kuanza: akisema ni kweli, utataka nini? Anayekwenda kuuliza bila kujua anachotaka humfanya mwenzake abebe mzigo wa watu wawili.

Huhitaji mshenga, wala pombe, wala picha za mazungumzo ya simu za kuwaonyesha wenzako wakusaidie kutafsiri. Marafiki watano wakisoma ujumbe mmoja watatoa maana tano, na kufikia jioni mhusika atakuwa amesikia zote.

## Pale ambapo hatua hizi hazitumiki

Mwongozo huu ni wa watu wazima wawili walio huru, wasio na mamlaka mmoja juu ya mwingine. Ikiwa anayetania ni mkubwa wako wa kazi au mwalimu wako, usipoteze wiki 3 ukichunguza nia yake. Hapo swali si kama anatania, bali kama ana ruhusa ya kusema anayoyasema. Tanzania, unyanyasaji wa kijinsia ni kosa chini ya kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa kuhusu jambo hilo.

Vilevile, ikiwa utani wenyewe unakukera, huna haja ya kujua chanzo chake. Mwambie aache, basi.

## Hatua ya 1: Tenga utani wenye ruhusa

Kwetu kuna utani ambao ni haki ya mtu kwa kuzaliwa, nao hauna habari yoyote juu ya moyo wake. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" mbele ya ukoo mzima. Shemeji humdai shemeji chakula kama mume anavyomdai mke. Mnyamwezi kwa Mzaramo, Mngoni kwa Mhehe, Mchaga kwa Mpare, hawa ni watani, na mtani anaweza kumposa mke wa mtu msibani huku mume mwenyewe akicheka.

Kwa hiyo jiulize kwanza kama wewe na rafiki yako mna uhusiano wa namna hiyo, na kama upo, tazama alama yake. Utani wenye ruhusa husemwa kwa sauti, mbele ya yeyote, na hausemwi kwako peke yako. Anayekuita mchumba kwa sababu ya kabila lako atamwita mchumba dada yako pia, na shangazi yako mwenye miaka 70. Ukiona ndivyo, funga daftari, kazi imekwisha.

Tahadhari moja inawahusu mabinamu. Katika jamii nyingi za pwani mtoto wa mjomba au wa shangazi ni mtu anayeweza kuoana nawe, na kwa hiyo utani wa binamu una ruhusa na pia una uwezekano. Huo usiuondoe, endelea nao kwenye hatua ya pili.

Mshonaji wetu ni Mluguru na mwalimu ni Mhaya, na hakuna undugu wala ushemeji kati yao. Utani wao haukutoka kwenye ukoo. Waliuanzisha wenyewe.

## Hatua ya 2: Andika kwa wiki 3

Chora safu nne kwenye kila ukurasa: nani alikuwepo, nini kilitangulia, nani alianza, na nini kilifuata baada ya kicheko. Maneno yenyewe si lazima uyaandike kwa urefu. Watu wengi huyaandika maneno tu, wakayasoma na kuyarudia hadi yakapata maana ambayo hayakuwa nayo, na hali yale yaliyoyazunguka ndiyo yanayosema zaidi.

Sababu ya safu ya kwanza ni kwamba mzaha hutafuta wasikilizaji. Mtu anayetania ili watu wacheke hupoa wakiondoka, kama mchezaji ngoma asiyeendelea kucheza uwanja ukiwa mtupu. Mwenye nia hufanya kinyume: mbele ya watu huwa mwangalifu, na maneno yake huwa mengi mkibaki wawili.

Safu ya pili inafichua jambo ambalo wengi hawalitarajii, yaani utani unaotumika kama mafuta ya kulainishia ombi. "Mpenzi wangu wa pekee" inayofuatwa na "niazime elfu ishirini" ni lugha ya mkopo.

Safu ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu inakuhusu wewe. Andika kwa uaminifu nani alilitoa neno la kwanza siku hiyo. Inawezekana kabisa kwamba mwenzako naye ana daftari lake, walau kichwani, na anajiuliza kama wewe unatania.

Safu ya nne hutazama dakika inayofuata. Je, mazungumzo yalirudi mara moja kwenye habari za mvua na bei ya mchele, au palikuwa na kimya kidogo, macho yakakwepana, kisha akauliza kitu cha kweli, kama vile Jumamosi utakuwa wapi? Mzaha ukiisha, huwa umekwisha. Nia huacha mkia.

Onyo: usihesabu ujumbe wa faragha wa simu kama ushahidi kwa kuwa tu ni wa faragha. Simu ni ya watu wawili kwa asili yake. Linganisha anavyokuandikia kwenye kundi na anavyokuandikia pembeni. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo ya kuandika.

Daftari la mshonaji lilikuwa na matukio 11. Manane yalitokea kwenye kikao cha vikoba siku za Jumapili, mbele ya wanachama. Matatu yalitokea wakiwa wawili dukani kwake, na kati ya hayo, mawili yalifuatwa na suruali ya kupunguzwa bila malipo. Lililobaki ni jioni moja mwalimu alipopita tu, akamwita "mama watoto" kwa sauti ya chini, akakaa karibu saa nzima bila ombi lolote. Kwenye safu ya tatu aligundua jambo lililomfadhaisha: mara 5 kati ya 11 alikuwa ameanza yeye, kwa kumwita mwalimu "baba watoto" kabla hajakaa kwenye kiti.

Unajua hatua hii imefaulu pale unapoweza kusema kwa sentensi moja utani wenu hutokea lini na mbele ya nani. Si lazima uwe umepata jibu. Mshonaji hakulipata. Ukurasa wake ulielemea upande wa mzaha, lakini ile jioni moja haikuingia kwenye hesabu.

## Hatua ya 3: Acha kuuchochea moto

Kwa siku kati ya 7 na 10, usianze utani, na ukitaniwa jibu kama mtu aliyeulizwa swali la kawaida. Akisema, "Mke wangu, umenipikia nini?" wewe sema, "Leo tumepika maharage, yapo, karibu," kwa uso mkunjufu uleule wa siku zote. Unachokifanya ni kuondoa nusu yako ya mchezo ili uone nusu yake ikisimama peke yake inakuwaje.

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu huchanganya kutojibu utani na kununa. Ukianza kujibu kwa neno moja, ukachelewa kupokea simu, ukaacha kumsalimia mama yake, hutapata habari za nia yake. Utapata habari za namna anavyomtendea mtu aliyenuna. Punguza utani peke yake. Salamu, chai, na mambo mnayosaidiana yabaki kama yalivyo.

Matokeo huwa ya namna tatu. Anayetania tu atajaribu mara mbili au tatu, ataona mchezo hauna mwenzake, na atahamia kwenye utani wa mpira au wa kipara cha mtu, bila kinyongo. Mwenye nia hataweza kuhama kwa urahisi; atabadilisha njia, maneno yake yatapungua mzaha na kuongezeka udadisi, na huenda akaanza kuja na sababu ndogo ndogo za kuja. Wa tatu atakuuliza waziwazi: "Mbona siku hizi huchangamki? Nimekukosea?" Huyo amekufungulia mlango, na usijibu "hamna kitu." Ruka moja kwa moja hadi hatua ya nne, kwa kuwa hutapata nafasi nyepesi kuliko hiyo.

Mwalimu alikuwa wa tatu. Siku ya sita alisimama mlangoni mwa duka akauliza kama kuna mtu amesema jambo baya juu yake kikundini. Mshonaji, kwa hofu, akajibu kwamba ni uchovu wa tenda ya sare za shule. Nafasi ikapita, na ikambidi aitafute upya. Nimelitaja kosa hilo kwa sababu mimi mwenyewe nilishalifanya, na ningekuwa mnafiki kuliandika kama la mtu mwingine tu.

## Hatua ya 4: Uliza, mara moja, kwa sentensi iliyopangwa

Chagua mchana, mkiwa wawili, mkifanya jambo linalokaribia kwisha: mnatembea kuelekea kituo cha daladala, mnafunga duka, mnaosha vyombo baada ya shughuli. Kutembea bega kwa bega ni bora kuliko kukaa mkitazamana, kwa kuwa anayeulizwa anapata mahali pa kuyaweka macho, na kituo kikifika anapata namna ya kuondoka bila kukimbia. Usiulize kwa simu. Ujumbe wa maandishi humwacha mtu akitazama alama za kusomwa, na ujumbe wa sauti unaweza kusikilizwa na watu usiowajua.

Sentensi ina sehemu tatu, na mpangilio wake ni muhimu. Kwanza utaje utani wenyewe, si mapenzi. Pili weka majibu yote mawili mezani kwa uzito sawa, ili lolote atakalolichagua lisionekane ni aibu. Tatu sema kitakachobaki vilevile. Mfano:

"Huwa tunaitana mama watoto na baba watoto, na mimi pia huwa naanza. Nimetaka kujua tu kama kwako ni utani wa kucheka, au kuna zaidi. Likiwa lolote kati ya hayo mawili, mimi na wewe ni wale wale, na Jumapili tuko pamoja kikaoni."

Angalia maneno "na mimi pia huwa naanza." Bila hayo, swali linafanana na mashtaka, na mshtakiwa yeyote hujitetea kwa kukana. Ukikiri sehemu yako, unamwambia kwamba hajakamatwa.

Ikiwa ukurasa wako wa kwanza unasema hutaki zaidi ya urafiki, usiulize kana kwamba huna upande. Sema hivi: "Utani wetu naufurahia, na kwangu ni utani. Nimeona nikuambie mapema, isije ikawa kwako ni kitu kingine nami nikakuumiza bila kujua." Huko ni kumtendea haki.

Sentensi za kuepuka ni tatu. "Unanipenda?" ni nzito mno, inadai ndiyo au hapana kwa jambo ambalo huenda yeye mwenyewe hajalipima. "Watu wanasema tuna uhusiano" inawaleta watu wasiokuwepo, na mwenzako atajibu hoja ya watu badala ya yako. Ya tatu ni ile inayotoka baada ya swali zuri, pale kimya kinapokushinda ukasema, "Ah, nilikuwa natania tu." Hiyo inafuta kazi ya mwezi mzima. Baada ya kuuliza, hesabu kimoyomoyo hadi 10, taratibu, na usiongeze neno.

## Hatua ya 5: Lipokee jibu lililotolewa

Akisema ni utani, jibu kwa maneno machache: "Sawa, nimekuelewa, ahsante kwa kuniambia." Usitafute uthibitisho wa pili, wala usimpe ushahidi wa daftari lako. Mtu aliyejibu wazi kisha akaonyeshwa hesabu ya mara alizotania ataona alikuwa anapelelezwa, na huo ndio ufa unaovunja urafiki, wala si swali lenyewe. Ikiwa ulikuwa umetarajia jibu jingine, maumivu yapo, na yapelekwe kwa mtu asiyemjua yeye kabisa.

Akisema kuna zaidi, nawe ulikuwa unalitaka hilo, msimalize kila kitu pale njiani. Kubalianeni siku ya kuzungumza. Ikiwa hukulitaka, mwambie siku hiyo hiyo, kwa kuwa "nipe muda nifikirie" inayotolewa kwa huruma huzaa miezi ya kungoja.

Jibu gumu kuliko yote ni la kuyumba: "Wewe unaonaje?" au kicheko na "Wewe nawe una maswali!" Rudisha swali mara moja tu, kwa upole: "Nimekuuliza kwa sababu sijui, kwako likoje?" Akiyumba tena, lichukue kuwa ni utani na uishi kama aliyesema ni utani. Huenda umekosea, lakini mwenye nia aliyefunguliwa mlango mara mbili anajua ulipo, na anaweza kuurudia mwenyewe siku atakapokuwa tayari. Kuuliza mara ya tatu ndiko kunakougeuza urafiki kuwa mahakama.

Kisha, ndani ya siku 2, fanya naye jambo la kawaida kabisa mlilozoea kulifanya, na uanze wewe. Kadiri kimya kinavyorefuka baada ya mazungumzo ya namna hii, ndivyo kila mmoja anavyodhani mwenzake anaona aibu.

## Hatua ya 6: Waandae wasikilizaji

Hatua hii haimo kwenye ushauri mwingi niliousoma, na ndiyo inayowaumbua watu. Kama utani wenu ulikuwa na hadhira, hadhira hiyo itaona umekoma, na itauliza kwa sauti. Amueni pamoja, kabla ya kuachana siku ile, kama majina yale yataendelea au yataachwa, na kila mmoja awe na jibu jepesi mdomoni. Msiwaeleze watu yaliyozungumzwa, wala msikane kwa ukali, kwa maana ukali huamsha udadisi.

Mshonaji aliuliza siku chache baada ya kuipoteza nafasi ile, wakitoka kununua vitambaa. Mwalimu alinyamaza hatua kadhaa, kisha akasema kwamba kwake ulikuwa utani, na kwamba aliuendeleza kwa kuwa yeye mshonaji alikuwa akiuanza, naye hakutaka amwache peke yake mbele ya watu. Kuhusu ile jioni ya saa nzima, ambayo mshonaji hakuiuliza, aliieleza mwenyewe: siku hiyo alikuwa amepata barua ya kuhamishwa kituo, hakutaka kurudi nyumbani mapema, na duka lile ndilo lililokuwa na taa. Mshonaji akasema amemwelewa. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari alikuwa ameandika kwamba jibu likiwa ni kweli angekubali, kwa hiyo usiku ule hakulala vizuri, na siku ya pili akamtumia mwalimu ujumbe kumkumbusha aje kuchukua suruali yake.

Jumapili iliyofuata mwalimu aliingia kikaoni akamsalimia kwa cheo chake, "Mweka hazina, shikamoo," kwa kuwa mshonaji ni mkubwa kwake kwa miaka 4. Wanachama wakageuka. Mama mmoja akauliza kama ndoa imevunjika. Mshonaji akafungua kitabu cha mahesabu, akasema mahari ilikuwa pungufu na familia imeirudisha, kisha akaita jina la kwanza kwenye orodha ya hisa.